UZI: Kikuku cha tamasha kilisoma 1,200 kwenye apu, M-Pesa imeingia 750. Hizo 450 ziko wapi?

bintiTudor (Jumatano, 10:14)

Habari za asubuhi wanajukwaa. Wikendi nilikwenda tamasha moja la muziki, jina nalihifadhi kwa sasa. Pale hakuna pesa taslimu wala kulipia kwa simu, kila kibanda ni kugusisha kikuku tu. (Kwetu kikuku huvaliwa mguuni na cha mkononi ni bangili, lakini wao wamekiita kikuku, basi.)

Nilijaza 2,000 kwa M-Pesa Alhamisi kabla sijatoka nyumbani. Getini wakakata 100 ya kukiwasha. Jumamosi jioni nikaongeza 1,500. Jumatatu asubuhi nafungua apu yao, salio 1,200. Nikajaza fomu ya kurudishiwa, nikaweka namba yangu, nikangoja. Jana usiku M-Pesa inaingia: 750. Sikununua kitu tangu Jumamosi usiku, na kikuku kiko kwenye droo. Nani amekula 450 zangu?

Kamau_wa_Ruaka (10:31)

Dada pole. Hao watu tiketi hawarudishi kamwe. Mwaka jana mvua ilinyesha, jukwaa likafungwa saa mbili usiku, tukaambiwa tusubiri barua pepe. Mpaka leo nasubiri.

bintiTudor (10:33)

Kaka, si tiketi. Tiketi nimeitumia na nimecheza mpaka viatu vikakatika. Ni salio la kikuku.

Jabali77 (10:48)

Hii ni rahisi. Kikuku hakina pesa ndani, kina namba tu kama kadi ya benki. Pesa iko kwenye seva yao. Kama apu ilisema 1,200, basi seva ilijua una 1,200, na mtu akaingia akakata. Andika malalamiko, ni wizi wa ofisini huo.

FundiMashine (11:20)

Jabali, umesema kweli nusu. Iko mifumo ya namna hiyo, na inafanya kazi vizuri pale ambapo mtandao haukatiki. Lakini matamasha mengi yanafanyika shambani, watu elfu kadhaa wote wanarusha video kwa mnara mmoja wa simu. Ukitegemea seva kwa kila soda, foleni itafika barabarani. Kwa hiyo mifumo mingi huandika salio ndani ya chipu ya kikuku chenyewe. Mashine ya kibanda inasoma salio, inapunguza, inaandika salio jipya, inaweka kumbukumbu yake yenyewe, kwisha. Seva inaletewa habari baadaye, mashine ikipata mtandao.

Nimefunga hizo mashine misimu miwili, sasa nimeacha. Dada, nijibu mambo mawili kabla sijasema lolote. Kwanza, kibanda cha mwisho ulichonunua, skrini ilionyesha umebakiwa na ngapi? Pili, ndani ya apu iko sehemu ya historia ya miamala. Ifungue uone kama ina safu za salio kabla na salio baada, kisha utuwekee hapa kuanzia pale ulipoongeza zile 1,500.

bintiTudor (11:52)

Kibanda cha mwisho nilinunua maji, sikuangalia skrini, nilikuwa nimechoka. Historia hii hapa. Nimeandika upya kwa mkono kwa sababu picha inakataa kupanda:

```
06  18:52  JAZA  +1500   950  2450
07  19:20  LIPA   -550  2450  1900
09  21:07  LIPA   -300  1550  1250
10  21:07  LIPA   -300  1250   950
11  23:31  LIPA   -100   950   850
```

Ile ya 550 ni chipsi kuku. Za 300 ni juisi ya ukwaju. Mwisho ni maji.

FundiMashine (12:15)

Asante, umenirahisishia. Angalia namba za kushoto: 06, 07, halafu 09. Nane haipo. Hizo namba haziwekwi na seva, zinatoka kwenye chipu: kila kikiguswa kwa muamala, kihesabio kinapanda moja na hakirudi nyuma. Ukiona namba imerukwa, kuna muamala uliofanyika mkononi mwako ambao seva haijaupata.

Sasa angalia pesa. Baada ya chipsi kuku ulibaki na 1,900. Muamala unaofuata unaanza na 1,550. Katikati zimetoka 350. Hiyo ndiyo namba 08. Iko ndani ya mashine fulani ambayo Jumatatu asubuhi ilikuwa bado imezimika ndani ya kreti, au chaji iliisha kabla haijapata waifai.

Apu inajumlisha miamala ambayo seva imeshapokea tu. Haikuijua namba 08, ikakuonyesha 1,200. Chipu yako ilikuwa na 850 tangu Jumamosi usiku, tazama mstari wa mwisho. Walipokutumia pesa walifuata salio la chipu la mstari huo, 850, wakakata ada ya kurudisha ambayo nadhani ni 100. Hapo ndipo 750 inapatikana.

bintiTudor (12:19)

Ada ya kurudisha!? Nimelipa 100 kuwasha na 100 kuzima?

bintiTudor (12:40)

Nimeikuta. Masharti, kifungu cha mbali huko chini, maandishi ya mchwa: ada ya 100 kwa kila ombi, na salio lisilozidi 100 halirudishwi. Sawa, 100 imejulikana. Lakini 350 sikununua kitu. Kati ya chipsi na juisi nilikuwa mbele ya jukwaa.

NyamaZaMoto (13:05)

Mimi ni muuzaji, nachoma mishkaki kwenye matamasha. Si lile lako dada, la kwangu lilikuwa mwezi uliopita, lakini niseme upande wetu, maana hapa mtu akisoma atadhani vibanda vinajikatia tu.

Mashine tunapewa asubuhi, tunazirudisha usiku hemani kwa waandaaji. Bei zimeshawekwa ndani, mimi nabonyeza picha ya mshikaki, naandika idadi, mteja anagusa. Pesa siioni. Wananilipa siku saba baadaye, wameshakata asilimia yao pamoja na kodi ya mashine, na wanachonilipa ni kile tu kilichofika kwenye seva. Kwa hiyo muamala uliokwama kwenye mashine unaniuma mimi kuliko wewe, kwa sababu nyama imeliwa na karatasi inasema haikuuzwa. Mwezi uliopita mashine moja ilianguka kwenye ndoo ya maji ya kunawa. Mauzo ya saa mbili nzima yaliyokuwa ndani sijalipwa mpaka leo, wanasema wanajaribu kuitoa kumbukumbu.

Tangu hapo kila saa namtuma kijana azungushe mashine mpaka karibu na hema lao, asubiri ile alama ya mshale igeuke kijani, kisha arudi.

FundiMashine (13:18)

Kaka NyamaZaMoto, kuna kitu wanaweza kukusaidia nacho hata mashine ikifa kabisa. Wateja waliokula kwako wakaenda kununua kwingine, chipu zao zimebeba lile pengo, kama la dada hapa. Salio limeshuka katikati na hakuna mwenye kudai. Ukiyakusanya mapengo ya saa zile mbili na bei zako zinajulikana, unapata makisio ya karibu. Ni kazi ya kuchosha na wengi hawaifanyi mpaka muuzaji apige kelele. Piga kelele. Waambie saa mashine iliyoanguka ilipotumika kwa mara ya mwisho.

AshaMajengo (13:44)

Naomba niingize langu. Nilikuwa hapo hapo alipokuwa binti Tudor nadhani. Saa tatu usiku nikaona salio limeisha, nikajaza 1,000 kwa simu nikiwa nimesimama kwenye foleni. Nimeingiza namba ya siri, ujumbe wa M-Pesa umekuja, apu inasema 1,040. Nagusa kikuku, mashine inasema salio halitoshi, 40. Nikagusa mara tatu. Watu nyuma wananisonya. Nikatoka foleni na aibu yangu, rafiki akanilipia. Je, hiyo 1,000 itarudi? Au imepotea kama ya huyu?

Jabali77 (13:50)

Hiyo ya kwako Asha ni M-Pesa ilichelewa. Ungesubiri.

FundiMashine (14:11)

Hapana Jabali, M-Pesa haikuchelewa, ujumbe umefika na apu imeonyesha. Tatizo ni kwamba ukijaza kwa simu, pesa inafika kwenye seva, na kikuku kiko mkononi hakijui kitu. Hakina betri, hakina laini. Kinaamka pale tu kinapokaribia mashine, sentimita chache, na kinalala tena. Ili ile 1,000 iandikwe kwenye chipu, lazima uguse kwenye mashine ambayo wakati huo huo ina mtandao na imeulizia seva kama kuna pesa inayokungoja. Vituo vya kujazia karibu kila mara viko hewani, ndiyo maana wanakuambia pitia pale. Kibanda cha juisi kilichojificha nyuma ya jukwaa kinaweza kukaa nusu saa bila kuongea na seva.

Hata pesa ya binti Tudor ya Alhamisi ilingoja hivyo hivyo mpaka getini. Ndiyo sababu wanakugusisha ukiingia.

Kuhusu kurudishiwa: hiyo 1,000 haijawahi kuingia kwenye kikuku, kwa hiyo haiwezi kuwa imetumika. Angalia historia yako, itakuwa imeandikwa kama inasubiri, bila namba ya kihesabio kushoto. Omba irudi yote pamoja na zile 40, na uambatanishe namba ya muamala wa M-Pesa. Kuna mifumo ambayo fomu inasoma salio la chipu peke yake, na zile zinazosubiri hazionekani mpaka mtu azitafute. Usikubali ukipewa jibu kwamba salio ni 40 na liko chini ya kiwango.

AshaMajengo (14:26)

Ipo! "Inasubiri". Mungu akubariki kaka. Naandika sasa hivi.

MzeeWaLeicester (15:02)

Wanangu, haya si mageni. Huku Uingereza tamasha la Download, pale Donington, mwaka 2015 walijitangaza kuwa tamasha kubwa la kwanza nchini kuacha kabisa pesa taslimu. Kila mtu alipewa kikuku chenye chipu. Ijumaa mashine zikasumbua, watu wana pesa kwenye kikuku na hawapati chakula. Malalamiko yalikuwa mengi, na 2016 wakarudisha taslimu. Siku hizi matamasha mengi huku unagusa kadi yako ya benki moja kwa moja, hakuna cha kujaza wala kurudishiwa. Kwa nini huko kwetu wasikubali M-Pesa kibandani tu?

NyamaZaMoto (15:20)

Mzee shikamoo. Kwa sababu ukilipa kwa simu kibandani, pesa inakuja kwangu na mwandaaji hajui nimeuza mishkaki mingapi. Asilimia yake ataikataje? Na pia, nisiwe mnafiki, kwa simu mteja mmoja ananichukua dakika nzima: andika namba, andika kiasi, namba ya siri, ujumbe haujaja, nionyeshe ujumbe. Kwa kikuku ni kugusa na kuondoka.

Jabali77 (15:31)

Na salio ambazo watu hawazidai ni za nani? Hapo ndipo penye utamu. Watu elfu kumi wakiacha shilingi 90 kila mmoja, piga hesabu.

FundiMashine (15:40)

Hapo sikubishii. Laki tisa. Kwenye kazi nilizofanya, mkataba ulisema zinabaki kwa mwandaaji, na sijawahi kuona mkataba uliosema vinginevyo. Ndiyo sababu ada ya kurudisha na kiwango cha chini huwa namba moja, 100 na 100: mwenye 90 hana cha kudai, na mwenye 130 atapata 30, wengi hawajisumbui. Nikienda kama mteja najaza kidogo kidogo, na kibanda cha mwisho namuuliza muuzaji ana kitu gani cha bei iliyobaki.

bintiTudor (17:08)

Nimerudi na kichwa chini. Nimemwuliza mume wangu juu ya zile 350. Anacheka. Mdogo wake alinijia mbele ya jukwaa, "shemeji nikopeshe mkono", akanivuta mpaka kibanda cha kokteli, nikagusa huku macho yako kwa msanii. Kwa hiyo namba 08 ni ya shemeji yangu na atanilipa.

Samahani kwa waandaaji, nimewaita wezi tangu asubuhi.

FundiMashine (17:25)

Usiombe samahani mapema dada. Mimi tangu mchana naangalia mstari wa 09 na wa 10. Vyote saa 21:07, vyote 300, na ulisema "juisi ya ukwaju". Ulinunua moja au mbili?

bintiTudor (17:31)

Moja! Mkono mmoja ulikuwa na glasi, wa pili viatu. Subiri. Yule kijana aliniambia "gusa tena dada, haijakubali". Nikagusa tena.

FundiMashine (17:58)

Basi hapo ndipo palipo na pesa yako, 300, na hukuidai kwa sababu hukujua.

Ukiuondoa mkono haraka, mashine inaweza kuwa imeshaandika salio jipya kwenye chipu lakini haijapata nafasi ya kusoma tena kuhakikisha. Haijui kama imefaulu. Inasema gusa tena. Muuzaji akiacha mauzo yale yale yakiwa wazi kwenye skrini, ukigusa mara ya pili mashine inasoma kihesabio, inaona "aa, niliandika tayari", inafunga mauzo bila kukata. Lakini muuzaji mwenye foleni anabonyeza futa, anapiga juisi upya. Kwa mashine hayo ni mauzo mapya. Inakata tena.

Jinsi ya kutofautisha ni safu ya salio kabla. Kama mistari yote miwili ingeanza na 1,550, ingekuwa ni muamala mmoja ulioandikwa mara mbili kwenye kumbukumbu, na chipu ilikatwa mara moja tu. Wako wa pili unaanza na 1,250, pale wa kwanza ulipoishia. Umekatwa mara mbili kwelikweli.

Kamau_wa_Ruaka (18:10)

Na wakisema alinunua juisi mbili? Karatasi inaonyesha mbili. Ushahidi wa viatu mkononi hautafika mbali.

NyamaZaMoto (18:22)

Kamau ana hoja. Kwangu ukija na malalamiko hayo siku ya pili sina la kufanya, kwa sababu kurudisha pesa kwenye kikuku lazima kiguswe kwenye mashine yangu ileile, na kwa idhini ya msimamizi. Ungenigeukia palepale ningekugusishia ikarudi. Baada ya tamasha ni ofisi inaamua. Lakini waambie waangalie sekunde, si dakika. Kwenye kumbukumbu ya mashine muda una sekunde. Mtu anayenunua juisi mbili, mimi naandika mbili, 600, mguso mmoja. Mauzo mawili ya moja moja ndani ya sekunde kumi na kikuku kilekile, muuzaji yeyote anajua ni nini hicho. Na kama kuna yaliyofutwa katikati, mashine huwa imeandika.

Jabali77 (18:40)

Mimi nauliza tu, si angepakua zile apu za kusoma NFC kwenye simu, aisome chipu mwenyewe apate ushahidi?

FundiMashine (18:55)

Atasoma namba ya chipu na aina yake, labda MIFARE Ultralight C au ndugu zake. Penye salio pamefungwa kwa ufunguo, na lazima pafungwe, vinginevyo kila mtoto wa chuo angejijazia bia. Kuna waandaaji waliowahi kununua chipu rahisi zisizo na ufunguo, wakajuta. Lakini wao wenyewe wanaweza kukisoma. Kwa hiyo dada usikitupe kikuku. Kikiwa na 850 na kihesabio 11, kinathibitisha hakuna mtu aliyeongeza mstari ofisini.

AshaMajengo (Alhamisi, 09:12)

Mimi wamenijibu. 1,000 inarudi, 40 hairudi, na kwenye ile 1,000 wanakata 100 ya ada. Nimewauliza: ada ya kurudisha nini, wakati haikuingia kikukuni? Kimya.

FundiMashine (09:30)

Swali zuri, na sina jibu lake. Nilipofanya kazi, zilizosubiri tulizirudisha kamili. Endelea kuwabana.

bintiTudor (11:47)

Nimewaandikia jana usiku, nimetaja mistari 09 na 10 na sekunde kama alivyosema kaka wa mishkaki. Wamejibu asubuhi hii: "Tunawasiliana na muuzaji, tafadhali usiharibu kikuku, tunaweza kukuomba ukilete." Ofisi yao iko Nairobi, mimi niko Mombasa, nauli ya basi kwenda tu inazidi juisi yenyewe.

Na hicho kikuku nimefungua droo sasa hivi, hakimo. Binti yangu amekikata kwa mkasi amemfunga mwanasesere kiunoni.

FundiMashine (11:53)

Amekata utepe au kile kipande kigumu cha plastiki?

bintiTudor (11:55)

Utepe. Kipande kiko kitovuni pa mwanasesere.

FundiMashine (11:56)

Chipu iko ndani ya kipande. Mwache mwanasesere avae, ila asiingie naye kwenye beseni.